Ugawe kwa 260 au kwa 365? Njia za kubadili likizo iliyobaki kuwa fedha

Wafanyakazi wawili wana mshahara uleule wa mwaka, 15,600,000, na kila mmoja anaacha kazi akiwa na siku 12 za likizo ambazo hakuzitumia. Mmoja analipwa 720,000. Mwingine analipwa 512,877. Wahasibu wa pande zote mbili wakiulizwa, watajibu kwamba wamechukua mshahara wa mwaka, wakaugawa kwa siku za mwaka, kisha wakazidisha kwa siku zilizobaki. Na kweli wamefanya hivyo. Mmoja amegawa kwa 260, mwingine kwa 365.

Sarafu haina nafasi katika jambo hili, kwa hiyo sitaitaja. Kinachoamua ni namba ya kugawia, na hapo ndipo haki ya mtu inapopotea bila yeye kujua, kwa sababu hesabu yenyewe inaonekana safi na ina muhuri. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kama siku zako za likizo zinahesabiwa kwa siku za kazi, kugawa kwa 365 ni kosa, hata kama kumezoeleka ofisini kwako. Kama zinahesabiwa kwa siku za kalenda, 365 ndiyo sahihi, na anayedai 260 anadai kisicho chake.

Kwanza tuone hizo siku 12 zimetokana na nini, maana kigawanyo kizuri hakisaidii kama salio ni la uongo. Mfanyakazi wetu ana haki ya siku 21 za kazi kwa mwaka na anaondoka mwisho wa mwezi wa nane. Hajamaliza mwaka, kwa hiyo hazihesabiwi zote 21. Amejichumia 21 × 8 ÷ 12, yaani siku 14. Ametumia 5, zimebaki 9. Mwaka uliopita alivusha siku 3 kwa idhini. Tisa na tatu ni 12. Salio linapokataliwa, ugomvi huwa kwenye moja ya vipande hivyo vitatu: ofisi imesahau zilizovushwa, au mfanyakazi amejihesabia za mwaka mzima, au siku moja ya ugonjwa imeandikwa kama likizo. Malizaneni na salio kwanza, ndipo muanze kugawa.

Sasa ziweke njia zinazotumika zaidi sambamba, kwa mshahara huo na siku hizo 12:

| Namba ya kugawia | Imetokana na nini | Thamani ya siku moja | Siku 12 |
|---|---|---|---|
| 365 | siku zote za kalenda | 42,739.73 | 512,876.71 |
| 360 | miezi 12 ya siku 30 | 43,333.33 | 520,000.00 |
| 312 | wiki 52 za siku 6 za kazi | 50,000.00 | 600,000.00 |
| 264 | miezi 12 ya siku 22 za kazi | 59,090.91 | 709,090.91 |
| 261 | siku za kazi za mwaka wenyewe | 59,770.11 | 717,241.38 |
| 260 | wiki 52 za siku 5 za kazi | 60,000.00 | 720,000.00 |
| 250 | 260 ukitoa sikukuu 10 | 62,400.00 | 748,800.00 |

Kutoka juu hadi chini ya jedwali kuna tofauti ya karibu 236,000 kwa mtu yuleyule. Lakini jedwali lina mafungu mawili ya kweli tu: linalohesabu kila siku inayopambazuka, na linalohesabu siku ambazo mtu anatakiwa kazini. Kwa watu wenye siku sawa za kazi kwa wiki, tofauti za ndani ya fungu moja ni ndogo. Kuvuka kutoka fungu moja kwenda jingine ndiko kunakoumiza.

Utajuaje likizo yako ipo fungu gani? Usiulize mtu, tazama fomu ya likizo uliyowahi kujaza. Tafuta ile uliyoondoka Jumatatu asubuhi ukarudi kazini Jumatatu iliyofuata. Kama kwenye salio lako zilikatwa siku 5, likizo yako ni ya siku za kazi. Kama zilikatwa 7, ni ya siku za kalenda. Ushahidi huo una nguvu kuliko maelezo ya mdomo, kwa sababu ni ofisi yenyewe iliyoonyesha inahesabuje ilipokuwa inakata. Haiwezi kukata kwa kipimo kimoja na kulipa kwa kingine.

Nieleze kwa nini 365 inapunja. Mshahara wa mwaka unalipa siku zote 365, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, ndivyo anavyosema mhasibu anayeitetea, na si hoja ya kijinga. Ukiugawa kwa 365, kila siku ya kalenda inabeba kipande chake. Lakini mtu anayekatwa siku 5 za likizo anapumzika siku 7 akiwa analipwa. Siku zake 5 za likizo zinabeba mgongoni malipo ya siku mbili za mwisho wa wiki. Ukija kuzinunua kwa bei ya siku ya kalenda, zile mbili unazidondosha njiani. Kwa hiyo siku 12 za kazi ni sawa na siku 16.8 za kalenda, yaani 12 × 7 ÷ 5. Zidisha 16.8 kwa 42,739.73, unapata 718,027. Karibu sana na 720,000. Namba mbili zilizoonekana kupingana zinakutana mara tu unapozipa kipimo kimoja, na 512,877 inabaki peke yake, pungufu kwa takribani asilimia 29.

Geuza upande wa pili, kwa sababu mwajiri naye ana haki yake. Kama mkataba unatoa siku 28 za kalenda kwa mwaka, na mtu amebakiza 12 za aina hiyo, basi anastahili 512,877. Akilipwa kwa 260 anapata 720,000, zaidi ya haki yake kwa asilimia 40. Siku zake 12 za kalenda ni kama siku 8.57 za kazi, na 8.57 kwa 60,000 ni 514,200 hivi. Tena namba zinakutana. Ukiona zinakataa kukutana, ujue mahali fulani vipimo vimechanganywa.

Kuna jaribio fupi ninalolipenda kwa sababu halihitaji sheria wala ubishi. Jiulize: kama mtu angeuza siku zote za mwaka ambazo likizo ingeweza kukatwa, angelipwa kiasi gani? Jibu linapaswa kuwa mshahara wake wa mwaka, si zaidi wala pungufu. Kwa siku za kazi, 260 × 60,000 ni 15,600,000 kamili. Lakini 260 × 42,739.73 ni 11,112,330. Zaidi ya milioni nne zimekwenda wapi? Hakuna anayeweza kujibu, kwa kuwa hazikuwa na pa kwenda. Mhasibu mkweli akiona jaribio hili kwenye karatasi huwa habishani tena.

Ile 360, au mshahara wa mwezi kugawa kwa 30, ni ndugu wa 365. Ipo kwa sababu ni rahisi na kila mwezi unakuwa sawa. Kwa likizo ya siku za kalenda ni nafuu kidogo kwa mfanyakazi na haina ubaya. Kwa likizo ya siku za kazi ina kasoro ileile ya 365, na ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, kwa sababu imejificha: mtu anaona "mshahara wa mwezi kugawa 30" na anaona ni jambo la kawaida kabisa.

Tukishakubaliana kuwa likizo ni ya siku za kazi, uchaguzi unabaki kati ya 260, 261 na 264. Hapa sitapoteza muda mwingi. Mwaka una wiki 52 na siku moja ya ziada, mrefu una mbili, kwa hiyo siku za Jumatatu hadi Ijumaa huwa 260, 261 au 262 kutegemea mwaka umeanza siku gani. Mwaka 2023 zilikuwa 260, mwaka 2024 zilikuwa 262, na mwaka 2025 ni 261. Kwa miaka mingi wastani ni kama 260.9. Serikali ya shirikisho ya Marekani, ambayo hukokotoa kiwango cha saa, imelifikiria hili hadi kugawa mshahara wa mwaka kwa saa 2,087 badala ya 2,080 za wiki 52 kamili. Saa 2,087 kwa siku ya saa 8 ni siku 260.875.

Kwa mfano wetu, kati ya 260 na 262 siku 12 zinatofautiana kwa 5,496 tu. Ukitaka kuhesabu za mwaka husika, jedwali la kompyuta linafanya kazi hiyo:

```
=NETWORKDAYS(DATE(2025,1,1),DATE(2025,12,31))
```

Mimi nachagua 260, au 261 kama ofisi inapenda usahihi zaidi, mradi namba iwe moja kwa watu wote na kwa miaka yote. Kubadilisha kila mwaka kunazaa maswali ya kwa nini fulani alilipwa zaidi mwaka juzi, na faida yake haifidii maelezo. Ile 264 nayo si dhambi, lakini inatokana na kuufanya kila mwezi uwe na siku 22 za kazi wakati wastani wa kweli ni 21.7, na kukadiria huko siku zote humwangukia mfanyakazi.

Njia ninayoshauri iachwe kabisa ni ile ya kuchukua mshahara wa mwezi wa kuondoka na kuugawa kwa siku za kazi za mwezi huohuo. Wengi huiona ndiyo ya haki kuliko zote kwa kuwa inahesabu siku halisi. Mshahara wa mwezi hapa ni 1,300,000. Mwezi wenye siku 20 za kazi unampa 65,000 kwa siku, jumla 780,000. Mwezi wenye siku 23 unampa 56,521.74, jumla 678,261. Likizo ileile, iliyochumwa kwa miezi ileile, imetofautiana kwa zaidi ya laki moja kwa sababu ya kalenda ya mwezi mmoja ambao hauhusiani na uchumaji wake. Mfanyakazi mjanja atasubiri Februari aandike barua ya kuacha kazi. Njia hiyo inafaa kulipia siku chache alizofanya kazi ndani ya mwezi wa mwisho, lakini si kununua likizo ya mwaka mzima.

Ile 250 ya mwisho kwenye jedwali inastahili kusikilizwa vizuri, kwa sababu watu huitupa haraka wakidhani ni tamaa. Sikukuu ikiangukia katikati ya likizo, kwa kawaida haikatwi kwenye salio. Mkataba Namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unasema hivyo kuhusu likizo ya kiwango cha chini: sikukuu hazihesabiwi kuwa sehemu yake. Basi siku zinazoweza kukatwa si 260 bali 260 ukitoa sikukuu, tuseme 10. Anayetumia siku 12 za likizo kwa kupumzika anaweza kukutana na sikukuu akailipwa bila kuipoteza, na anayeuza hapati bahati hiyo isipokuwa imo ndani ya kigawanyo. Kwenye jaribio letu la mwaka mzima nayo inafaulu: 250 × 62,400 ni 15,600,000. Kwa hiyo siwezi kusema ni kosa. Nasema tu kwamba idadi ya sikukuu hubadilika, nyingine huangukia Jumapili, na ofisi italazimika kuamua upya kila mwaka. Kama makubaliano yenu yanaitaja, isimamieni. Kama hayasemi kitu, 260 ni rahisi kuitetea mbele ya pande zote mbili.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kutoa pia siku 21 za likizo zenyewe, wagawe kwa 229. Siku moja inakuwa 68,122 na siku 12 zinapita 817,000. Hiyo inapima gharama ya siku moja ambayo mtu amekaa kazini kweli, na ni kipimo kizuri kwa anayepanga bei ya kazi ya mteja. Kwa kununua likizo inalipia likizo mara mbili, kwa sababu malipo ya siku za likizo tayari yamo ndani ya mshahara wa mwaka.

Mpaka hapa nimemchukua mtu wa siku 5 kwa wiki. Wa siku 6 anagawiwa kwa 312, na likizo yake nayo lazima iwe inakatwa 6 kwa wiki. Hapo 50,000 kwa siku si dhuluma, ni kwamba siku yake moja ni kipande kidogo zaidi cha wiki. Wanaosahauliwa zaidi ni wa muda mfupi. Mtu anayefanya kazi siku 3 kwa wiki kwa mshahara wa mwaka wa 9,360,000 anagawiwa kwa 156, yaani wiki 52 mara 3, na siku yake ni 60,000. Mfumo wa mishahara uliowekewa 260 kwa kila mtu utampa 36,000, na hakuna taa itakayowaka kuonya. Ukiwa wewe ndiye unayesimamia mfumo, tafuta wafanyakazi wa aina hiyo mmoja mmoja kabla hawajaanza kuondoka.

Baada ya namba ya chini kuna namba ya juu. Mshahara wa mwaka ni upi? Hapa sheria na mikataba hutofautiana sana, lakini swali la kuuliza ni moja: mtu akiwa likizoni, ni vitu gani vinaendelea kuingia kwenye mshahara wake? Posho ya nyumba inayolipwa kila mwezi bila kujali yupo au hayupo inaendelea, kwa hiyo ina hoja nzuri ya kuingia kwenye hesabu. Posho ya safari inayolipwa kwa safari iliyofanyika haiendelei, kwa hiyo haina. Mkataba huohuo wa 132 unataka mtu aliye likizoni alipwe angalau mshahara wake wa kawaida au wa wastani, na kipimo hicho ni cha busara hata kwa likizo inayonunuliwa. Tuseme katika zile 15,600,000, msingi ni 12,000,000 na posho ya kudumu ni 3,600,000. Kwa msingi peke yake siku 12 zinakuwa 553,846 badala ya 720,000. Ona kwamba kigawanyo ni kilekile cha 260. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda ubishi wa namba ya chini na bado akapoteza kwa namba ya juu.

Mshahara ukiwa umepanda katikati, njia ya kawaida ni kutumia mshahara wa siku ya malipo, hata kwa siku zilizochumwa kabla ya nyongeza. Sababu yake ni ileile: kama angezitumia leo kupumzika, angelipwa kwa mshahara wa leo.

Kuuza likizo ukiwa bado upo kazini ni suala jingine kabisa, hata kama hesabu inafanana. Mkataba wa 132 unataka anayeacha kazi apate likizo inayolingana na muda aliotumikia, au fidia badala yake, lakini makubaliano ya mtu kuachia likizo yake ya kiwango cha chini kwa fedha unayataka yawe batili au yapigwe marufuku. Nchi nyingi zimefuata mkondo huo katika sheria zao. Kwa hiyo kinachoweza kuuzwa kwa aliye kazini mara nyingi ni zile siku zinazozidi kiwango cha chini cha sheria. Kama sheria inatoa 15 na mkataba wako 21, wewe una 6 za kuzungumzia. Mwajiri akikununulia zote 21 kwa bei nzuri, bado anaweza kudaiwa likizo yenyewe.

Fedha hizo pia kwa kawaida hukatwa kodi kama mshahara. Zikiingia kwa mkupuo ndani ya mwezi mmoja zinaweza kukusukuma kwenye daraja la juu la kodi kwa mwezi huo, kwa hiyo kiasi kitakachofika benki usikilinganishe na 720,000 nzima bali na 720,000 ukitoa makato yaliyoorodheshwa kwenye karatasi ya mshahara.

Unayeandika kanuni za ofisi, sentensi moja inatosha kuzuia haya yote: "Siku moja ya likizo isiyotumika italipwa kwa mshahara wa mwaka, pamoja na posho za kudumu, ukigawanywa kwa 260; kwa mfanyakazi ambaye wiki yake si ya siku tano, ukigawanywa kwa 52 mara siku zake za kazi kwa wiki." Na wewe unayeondoka, usitie sahihi hesabu yenye jumla peke yake. Omba iandikwe mistari minne: mshahara wa mwaka uliotumika na vilivyomo, namba ya kugawia, thamani ya siku moja, na salio la siku pamoja na namna lilivyopatikana. Mhasibu anayo tayari kwenye kompyuta yake, kuichapa hakumchukui dakika moja, na mstari wa pili ndio wa kusoma kwanza.